Tulipoliondoa jembe kwenye orodha ya adhabu

"Soma, mwanangu, usije ukaishia kwenye jembe kama mimi." Baba yangu alinieleza hivyo nikiwa darasa la nne, na leo nikiwa mwalimu wa Bailojia katika sekondari moja ya kata huku Urambo, mkoani Tabora, bado nawasikia wazazi wakiwaambia watoto wao maneno yale yale siku ya kikao cha shule. Wanayasema kwa mapenzi. Halafu mtoto akimaliza kidato cha nne na kukataa shamba, tunasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka bodaboda na simu tu.

Mimi siafiki. Kijana wa Urambo hakatai kilimo kwa kutokukijua. Anakijua tangu akiwa na umri wa kubeba kidumu cha lita tano. Kilimo anachokijua yeye ni tumbaku, na yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya tumbaku anajua ninachokisema.

Kazi inaanza mvua ikiwa bado mbali. Mwezi wa nane au wa tisa mnatengeneza vitalu karibu na maji, mnasia mbegu ambazo ni ndogo kama vumbi, na kuanzia hapo watoto ni wa kumwagilia asubuhi na jioni. Mvua za kwanza zikishika, Novemba au Desemba, mnahamishia miche shambani. Mnapalilia, mnaweka mbolea, mnakata vilele ili nguvu iende kwenye majani, mnavunja machipukizi ambayo baada ya siku chache yametoka tena. Kisha mnachuma majani kuanzia ya chini, machache machache kila mche, mikono ikiwa imeshika gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Majani yanafungwa kwenye fito, yanaingia kwenye bani, banda la kukaushia, na bani lazima lichochewe kuni mchana na usiku kwa karibu wiki nzima. Moto ukizidi kabla jani halijaiva rangi, limeharibika. Moto ukilegea usiku kwa sababu mtoto amesinzia, limeharibika pia. Wanafunzi wangu wengi wa Februari na Machi wanaolala darasani wametoka kwenye zamu ya bani, wala si kwenye video.

Baada ya hapo mnapanga madaraja, mnafunga marobota, mnapeleka chama cha msingi cha ushirika. Mteuzi anaangalia jani, anataja daraja, na daraja ndilo bei. Pembejeo zilikuja kwa mkopo, kwa hiyo makato yanatangulia. Kinachobaki anakipokea baba. Mtoto aliyekesha kwenye bani haulizwi kitu, na mara nyingi haambiwi hata kilichopatikana ni kiasi gani. Kwake yeye shamba ni kazi ya miezi tisa ambayo mwisho wake hauoni.

Sasa huyu ndiye kijana anayefika shuleni. Na shule inamfanyia nini? Amechelewa namba, chukua jembe. Hakuvaa soksi, kang'oe kisiki. Amepiga kelele darasani, matuta mawili ya viazi kabla ya kwenda nyumbani. Wanaofanya vizuri darasani wanakaa chini ya mwembe wakisoma, wale wa mwisho ndio wanaopelekwa shambani. Nimepita shule kadhaa za mkoa huu kama mwanafunzi na kama mwalimu, na utaratibu huo nimeukuta kila mahali. Mtoto akiona hivyo kwa miaka minne hahitaji mtu wa kumweleza shamba ni la nani.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu halikukusudiwa kuwa hivyo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma na kufundisha hapa Tabora, alipotoa Elimu ya Kujitegemea alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba, waone mapato na matumizi yake, na wawe na sauti katika kuamua mapato hayo yafanye nini. Sehemu ya jembe tuliibakiza. Sehemu ya kupanga, kuhesabu na kuamua ndiyo iliyodondoka njiani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa elimu yenyewe.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa shamba la shule, ombi langu la kwanza kwa mkuu wa shule na wenzangu halikuwa la fedha wala pampu. Niliomba jembe litoke kabisa kwenye adhabu. Tulibishana. Mwenzangu mmoja aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, sasa mchelewaji tumpe nini? Tulikubaliana kazi za usafi wa vyoo na madarasa zibaki kwa zamu ya wote, na mchelewaji abaki baada ya vipindi kufanya maswali ya somo alilolikosa. Ikamchosha mwalimu wa zamu kuliko jembe lilivyomchosha, kwa sababu sasa lazima akae naye. Lakini tulishikilia.

Ombi la pili lilikuwa daftari. Eneo lililo karibu na kisima tuligawa matuta, kila tuta upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, na kila tuta likapewa wanafunzi wanne waliojitolea. Daftari la kila tuta lina kurasa za aina tatu: kilichotumika kwa shilingi, kilichouzwa kwa shilingi, na muda wa kazi, dakika kwa dakika. Ukurasa huu wa tatu ndio uliozaa mambo yote yaliyofuata. Nyumbani kwetu muda wa kazi wa familia hauandikwi popote, unahesabiwa kuwa bure, na kwa hiyo hakuna anayejua kama zao limelipa au halikulipa.

Tulichagua Chinese kwa sababu ya kalenda. Mboga hii inakaa kitaluni wiki tatu hivi, na baada ya kuhamishwa inavunwa kwa wiki tano. Shule inafunguliwa Julai, baridi ya kiangazi bado ipo, mboga za majani zinaipenda. Ukianza wiki ya kwanza unavuna Septemba mwanzoni, wakati visima vya watu vimeanza kukauka na mboga sokoni zinapungua. Na mnakuwa mmemaliza kabla ya mitihani ya taifa ya Novemba. Mahindi yangekuwa zao la heshima zaidi kwa wazazi, lakini mahindi yanaanza na mvua na kuvunwa wanafunzi wakiwa wameshaingia mwaka mwingine. Kijana anayehitaji kuona mwisho wa kazi yake usimpe zao ambalo mwisho wake ataukuta mwingine.

Msimu wa kwanza tulifuata kitabu. Tuliinua matuta, tukachanganya samadi iliyooza vizuri, viroba viwili kwa tuta, tukapanda mistari mitatu kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30. Inaingia miche 99. Ardhi yetu hapa ni kichanga, na jua la Agosti halina huruma. Tuta la ukubwa ule linakunywa karibu lita 60 kwa siku, ndoo tatu za lita 20, nusu asubuhi na nusu jioni. Wanafunzi waliandika dakika ishirini kila siku kwa tuta, kuteka na kumwaga.

Nitaeleza tuta moja lililokuwa na daftari safi kuliko yote, la mabinti wawili na wavulana wawili wa kidato cha pili. Mbegu, samadi na sabuni ya kupambana na vidukari viliwagharimu shilingi 4,500. Miche 14 ilikufa, wakauza 85 kwa shilingi 200 kila mmoja, wakapata 17,000. Faida 12,500. Walipiga makofi. Kisha nikawaambia wafungue ukurasa wa muda. Kuandaa tuta saa nne, kumwagilia kwa siku 35 karibu saa kumi na mbili, jumla saa 16. Wakagawanya: shilingi 780 kwa saa.

Mvulana mmoja ambaye kaka yake ni saidia fundi akasema papo hapo kwamba kaka yake analipwa 10,000 kwa siku ya saa nane, yaani 1,250 kwa saa. Darasa likanyamaza. Mwenzangu aliyekuwepo alinitazama kama vile nimeharibu somo. Mimi nilifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza watoto wa wakulima walikuwa wanajadili kilimo wakiwa na namba mkononi. Mpaka hapo walikuwa wakikipenda au kukichukia tu.

Swali lililofuata lilikuja lenyewe: muda unaliwa na nini? Jibu lilikuwa kwenye daftari. Robo tatu ya kazi yote ilikuwa kubeba maji. Kinachomfanya kijana achukie bustani ni ndoo. Basi tukaacha kuzungumzia kilimo kwa ujumla, tukaanza kuzungumzia ndoo.

Bibi mmoja jirani wa shule, anayelima bustani bondeni kila kiangazi, ndiye aliyetupa njia. Alikuja kuomba miche, akatazama matuta yetu yaliyoinuliwa, akauliza, "Mwalimu, haya ni ya masika, mbona mmeyaweka kiangazi?" Tuta la kuinua linafaa mvua zikiwa nyingi, ili maji yasisimame kwenye mizizi. Kiangazi, kwenye kichanga, linakaushwa na upepo na jua pande zote, na maji yanachuruzika kwenda njiani. Bibi akatuelekeza kushusha tuta: unatoa udongo wa juu sentimita 15 hadi 20, unaupanga kuwa kingo pembeni, unachanganya samadi chini, unapanda ndani ya shimo hilo pana. Maji yote unayomwaga yanabaki humo. Juu yake tukatandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, tukiziacha mbali kidogo na shina ili lisioze.

Sikutaka wanafunzi waniamini mimi wala bibi. Tuliacha matuta mawili ya mtindo wa zamani kando ya yale ya kuzama, na kila saa nane mchana mwanafunzi wa zamu alichomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kwenye tuta lililoinuliwa kidole kilitoka kikavu, vumbi linadondoka. Kwenye lile la kuzama lenye nyasi, chembe za udongo zilishika kwenye ngozi. Baada ya siku chache walipunguza wenyewe: ndoo mbili, jioni tu, dakika kumi.

Kikundi kile kile, msimu uliofuata, kilitumia saa tano kuandaa kwa sababu kushusha tuta na kukata nyasi ni kazi zaidi, lakini kumwagilia kukashuka hadi saa sita. Miche 92 ilifika sokoni. Wakapata 18,400, wakatoa gharama zile zile, ikabaki 13,900 kwa saa 11 za kazi. Shilingi 1,260 kwa saa. Wamemfikia saidia fundi, na bado wamesoma vipindi vyao vyote.

Si matuta yote yaliyofanya hivyo. Matuta matatu yaliliwa na vidukari kwa sababu wenyewe waliangalia majani juu tu. Wadudu hawa wanakaa upande wa chini wa jani, na dalili ya mapema ni sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina, wanafuata utamu wanaoutoa vidukari. Ukisubiri mpaka jani lijikunje, maji ya sabuni hayakusaidii tena. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa soko. Vikundi vingi vilipanda wiki moja, vikavuna wiki moja, na mama wa genge anayetununulia akasema shilingi 100 au rudini nazo. Walirudi wamekasirika. Kikao cha siku ile nilikiacha waongoze wao, na wao ndio waliotoa kalenda ya kupishana: matuta mawili tu yanapandwa kila wiki. Nimewaona watu wazima kijijini wakirudia kosa hilo la kuvuna pamoja mwaka hadi mwaka, na wale walikuwa watoto wa miaka kumi na tano.

Kuna kanuni moja ambayo naona ndiyo iliyobeba kila kitu, nayo ni kwamba fedha ya tuta ni ya wenye tuta. Shule inachukua sehemu moja kati ya nne kwa ajili ya mbegu za msimu ujao na kamba ya kisima, inayobaki wanagawana. Wengine wamenunua madaftari, mmoja amelipia picha za usajili wa mtihani, wengine wamenunua soda na chipsi, na sikuwauliza. Kanuni hii ilijaribiwa haraka. Jioni moja mwalimu alipita na mfuko, akachuma Chinese sita, akaaga. Ni desturi, mboga ya shule ni ya walimu, hakuna aliyewahi kuona ubaya. Kesho yake binti mweka hazina aliniletea daftari. Kwenye ukurasa wa mauzo ameandika: miche 6, shilingi 1,200, deni, Mwalimu Fulani. Alikuwa anatetemeka. Niliupeleka ukurasa ule kwa mwenzangu faraghani, akausoma, akacheka kwa aibu, akatoa fedha. Tangu siku ile walimu wote wananunua. Laiti angekataa kulipa, naamini mradi ungefia pale pale, kwa sababu wale watoto wangeona tena kile wanachokiona nyumbani: unafanya kazi, mkubwa anachukua.

Na nyumbani mambo hayakukaa kimya. Binti huyo alimwomba baba yake karatasi ya makato ya chama cha msingi, akajaribu kuihesabu tumbaku yao kama tunavyohesabu tuta. Aliandika nani alifanya nini mwezi gani, kwa kukumbuka, hivyo hesabu yake ina mapengo. Lakini ilitosha kuonyesha kwamba siku moja ya kazi ya mtu mmoja kwenye tumbaku yao ilirudisha kidogo kuliko kibarua cha palizi kijijini. Baba alikuja shuleni. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alikaa chini ya mwembe, akasema hesabu ya mwanangu nimeiona, sasa nikuulize wewe Mwalimu: tukilima mboga wote, nani atazinunua? Tumbaku ina mnunuzi aliyesaini mkataba kabla sijapanda, na fedha yake inakuja kwa mkupuo, ndiyo iliyonunua bati na sare za huyu mtoto. Mboga ya shilingi mia mbili mia mbili inaliwa siku hiyo hiyo.

Ana haki, na nilimwambia hivyo. Sijawahi kuwafundisha wanafunzi waache tumbaku wakalime Chinese. Ninachotaka ni wajue kuuliza maswali mawili aliyoyauliza yule mzee, nani ananunua na fedha inakuja vipi, pamoja na la binti yake, saa yangu moja inalipwa kiasi gani. Kijana mwenye maswali hayo matatu anaweza kuangalia alizeti, karanga, asali au kuku akaamua. Baba yule sasa anaandika siku za kazi kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka jana alipunguza eneo la tumbaku kidogo, akapanda karanga, na aliniambia ni kwa sababu aliona wiki za kuchuma tumbaku ndizo zinazomlazimu kuajiri vibarua.

Yapo ambayo shule haiwezi. Ardhi ni mojawapo. Wavulana wanaomaliza hapa wanasubiri baba awape kipande, mabinti wengi hawasubiri hata hicho. Wawili niliowafundisha wamekodi robo ekari bondeni kwa kiangazi kimoja kimoja, wanaandikiana na mwenye shamba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu aliyetangulia alinyang'anywa bustani mboga zikiwa zimekaribia kuvunwa. Mkataba huo wa ukurasa mmoja tumeuingiza kwenye somo: mipaka, muda, kodi, na maneno kwamba mazao yaliyopo muda ukiisha ni ya mpangaji mpaka ayavune.

Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, na kilimo kimo. Nimefurahi, ila nina wasiwasi na namna kitakavyopimwa. Kama alama zitatoka kwa kuchora jembe na kutaja faida tano za mbolea, tutazalisha watu wa kutaja faida tano. Ningependa mtahini aje afungue daftari la tuta na amuulize mwanafunzi kwa nini wiki ya tatu alimwagilia nusu.

Likizo ya Juni bado inatusumbua. Wiki kadhaa bila mtu wa kumwagilia zinatosha kuua kitalu chochote, ndiyo maana tunaanza Julai na kupoteza Mei yote yenye unyevu. Mwaka huu vikundi viwili vya wanafunzi wanaokaa karibu vimekubali kubaki na matuta ya wenzao kwa malipo, robo ya mauzo, na wamejadiliana bei hiyo wenyewe bila mimi. Wenye matuta walitaka kutoa sehemu moja kwa tano. Wamwagiliaji wakafungua ukurasa wa muda.